Picha Haina Mkono: Kumtuma Mgonjwa wa Ngozi kwa Simu Kutoka Zahanati ya Kisiwani

Ujumbe uliingia saa moja na dakika arobaini usiku, kutoka zahanati ya kisiwa kimoja cha Ukerewe. "Shikamoo Dokta. Mgonjwa ana upele mwili mzima siku tatu, nimempa setirizini na amoksilini. Naomba ushauri." Chini yake picha moja ya kifua, imepigwa kwa flashi, na robo yake ni kivuli cha mkono wa mpigaji.

Anza na hilo neno upele. Kwenye vitabu vyetu vya matibabu upele ni ule wa vijidudu vinavyochimba katikati ya vidole. Mtaani ni kitu chochote kilichojitokeza juu ya ngozi, kuanzia surua hadi mbu. Ujumbe ule ungeweza kuwa kaswende, ungeweza kuwa aleji ya kawaida, na ungeweza kuwa ngozi inayotaka kubanduka. Kwa picha ile nisingeweza kutofautisha.

Mimi hukaa Mwanza na picha za namna hii nazipokea karibu kila siku, kutoka Ukerewe, Sengerema, Kome, Magu, Misungwi. Swali ninalojiuliza kwanza nikiifungua si jina la ugonjwa. Najiuliza mgonjwa huyu apande boti alfajiri, aje wiki hii, au abaki kwake atibiwe hapo hapo zahanati. Jina la ugonjwa linaweza kuchelewa siku mbili bila madhara, lakini boti ikishaondoka imeondoka. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu vitu vinavyonisaidia kujibu swali hilo, na nitaufuata kwa kutumia mgonjwa yule yule.

Hatua ya 1: Kabla ya kutoa simu mfukoni

Kuna wagonjwa ambao kusubiri jibu langu ni kuwachelewesha. Mwenye ngozi inayochubuka na vidonda mdomoni. Mwenye homa na sehemu inayouma kupita kiasi kuliko inavyoonekana, hasa kama imevimba na inasambaa ndani ya saa chache. Mwenye madoa ya damu yasiyofifia ukiyabana, akiwa na homa. Mtoto mchanga mwenye malengelenge. Aliyevimba uso na kupumua kwa shida. Hawa anza kuwahudumia na kutafuta usafiri, picha utatuma huku injini inawashwa.

Na ukiona vipele vya usaha au malengelenge yenye kishimo katikati, vipo hadi viganjani, pamoja na homa na tezi zilizovimba, fikiria mpoksi, ambayo ilithibitishwa nchini mwezi Machi 2025. Huyo anatengwa na anaripotiwa wilayani kwanza, kama surua tu. Picha yangu si taarifa ya mlipuko.

Hatua ya 2: Ruhusa, na simu yenyewe

Mweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, mara nyingi hapa Kisukuma au Kikerewe, kwamba picha inakwenda kwa nani na ni ya kazi gani. Andika kwenye daftari kwamba amekubali. Kwa mtoto anakubali mzazi. Picha za sehemu za siri zipigwe akiwepo mhudumu mwingine wa jinsia yake, na uso usionekane kwenye picha hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo tuma kwa daktari mmoja anayepokea. Usitume kwenye kundi la watu themanini ambamo baadhi hata hawafanyi kazi tena hospitalini. Jina usiandike, andika namba ya faili, umri na jinsia.

Kwenye simu kuna mambo matatu ya kurekebisha, ukiyafanya leo hutayafanya tena. La kwanza, kamera nyingi za simu tunazonunua huja na `Beauty` ikiwa imewashwa. Hiyo inalainisha ngozi, na ukurutu, vipele vidogo na magamba vinafutika vyote. Niliwahi kumwambia muuguzi mmoja kwamba ngozi ya mgonjwa wake ni laini kabisa, akashangaa, kumbe simu ilikuwa imempamba.

La pili, WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuipunguza. Gusa alama ya klipu, chagua `Document`, kisha itafute picha hapo, itafika kama ilivyopigwa. Mtandao ukiwa hafifu, tuma angalau zile za karibu kwa njia hiyo na za mbali kwa kawaida, ukiwa umegusa `HD`.

La tatu linatokana na hilo la pili: picha iliyotumwa kama `Document` hubeba na mahali ilipopigwa kama kamera inarekodi eneo. Zima hilo kwenye mipangilio ya kamera. Kwenye kisiwa cha kaya mia mbili, mahali ni sawa na jina.

Hatua ya 3: Mwanga

Mpeleke mgonjwa karibu na dirisha au kwenye baraza yenye kivuli, mchana. Jua la moja kwa moja linang'aa juu ya ngozi nyeusi na kuweka mabaka meupe ambayo hayapo. Flashi hufanya hivyo hivyo, tena inabapisha kila kilichoinuka. Chini ya turubai la bluu au bati la plastiki la kijani usipige kabisa, ngozi itachukua rangi ya turubai nami nitadhani mgonjwa amekosa hewa.

Nyuma yake usiweke shuka jeupe. Kamera ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na ngozi inageuka kiza kitupu. Kitambaa kisicho na maua, cha bluu iliyofifia au kijani, kinatosha. Kisha gusa kioo cha simu pale penye kidonda ili kamera ilenge hapo, si kwenye kitambaa.

Usiku, kama alivyokuwa tabibu wetu wa Ukerewe, tumia tochi ya simu ya pili, mtu mwingine aishike pembeni, kama urefu wa mkono, imulike kwa mshazari. Mwanga wa pembeni ndio unaotupa vivuli vidogo, na vivuli hivyo ndivyo vinavyoniambia kipi kimeinuka na kipi kiko sawasawa na ngozi.

Kama amepakwa dawa ya zambarau, kalamaini, majivu au dawa ya meno, piga picha moja ilivyo, kisha safisha kwa maji na gozi, piga tena. Ngozi inayochubuka usiisugue, iache.

Hatua ya 4: Picha zenyewe, kwa mpangilio

Picha ya kwanza ni ya mbali, kama mita moja na nusu, mbele na nyuma. Watu huiruka kwa sababu haionyeshi kitu. Inaonyesha mpangilio. Vipele vilivyojaa mikononi, kwenye makwapa na kiunoni lakini vikauacha uso wa mtu mzima, hiyo ramani tu inanielekeza kwenye upele wa vijidudu kabla sijaona kipele kimoja. Vilivyo usoni, shingoni na mikononi, vikakoma pale shati linapoanzia, vinazungumzia jua.

Ya pili ni ya kiungo chenyewe, kama nusu mita, na mpaka wake uonekane: kiwiko, goti, kitovu, kitu cha kunionyesha tuko wapi. Kama ni upande mmoja, piga na upande wa pili ulio mzima. Kwa ngozi yetu hii ndiyo picha inayonisaidia sana, maana wekundu hauonekani kuwa mwekundu. Unaonekana kama kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu, na nisipoona rangi ya kawaida ya mgonjwa sijui hiyo kahawia ni ugonjwa au ndiye yeye.

Ya tatu ni ya karibu, sentimita 15 hadi 20, simu ikiwa sambamba na ngozi. Usisogee zaidi ya hapo, simu nyingi zinashindwa kulenga na picha inakuwa ukungu. Ni afadhali upige kwa umbali huo halafu mimi nivute picha. Weka kipimo kando: rula ya karatasi, au utepe wa kupimia mkono wa mtoto, ambao kila zahanati inao. Chagua kipele kipya ambacho hajakikuna, na kimoja cha zamani, uniambie kipi ni kipi. Ya nne ni hicho hicho kutoka pembeni.

Kisha zipo picha ambazo mgonjwa hakuja kulalamikia. Kama tatizo limeenea mwilini, au linafuatia dawa, nataka macho, ndani ya midomo, viganja na nyayo, na sehemu za siri kama mgonjwa ameridhia. Akikataa, angalia mwenyewe kisha uandike ulichoona. Kama anawashwa, nataka katikati ya vidole na kwenye viungo vya mikono. Kwa mashilingi ya kichwani nataka nywele zimechambuliwa na tezi za nyuma ya shingo zimeguswa.

Tabibu wetu nilimjibu hivi: "Niangalizie macho na ndani ya mdomo sasa hivi, unitumie." Zilikuja baada ya dakika kumi na mbili. Macho mekundu, kope zimegandamana kwa utando. Mdomo wa chini umechubuka na kuwa na ukoko wa damu. Hapo nilikuwa nimeshasimama.

Hatua ya 5: Vidole vyako

Picha haina mkono. Joto, maumivu, ugumu, ganzi na harufu viko upande wako wa maji, na bila hivyo nusu ya uamuzi haipo.

Gusa kwa mgongo wa mkono kulinganisha joto na upande mzima. Bonyeza, uone kama inauma, kama ni ngumu, kama kidole kinaacha shimo. Doa likionekana jekundu au zambarau, libane kwa kioo cha slaidi ya maabara. Likififia ni damu iliyo ndani ya mishipa, lisipofifia damu imeshavuja nje. Video ya sekunde kumi ya kubana huko ina faida kuliko picha tano.

Baka lililopauka lipime kwa pamba. Mgonjwa aone kwanza unavyofanya, kisha afumbe macho aonyeshe kwa kidole ulipogusa. Akikosa ndani ya baka na kupatia nje yake, andika hivyo. Baka lililopauka lenye ganzi ni ukoma hadi ithibitike vinginevyo, nami siwezi kuiona ganzi hata kwa kamera ya shilingi milioni mbili.

Kwa mgonjwa wetu niliuliza: "Inawasha au inauma?" Swali dogo, lakini huwa nalipa uzito. Aleji nyingi za ngozi huwasha. Ngozi inayouma kama imeungua, kabla hata haijachubuka, ni kengele. Akajibu: "Anasema inaungua Dokta, hataki nguo iguse." Nikamwomba aweke kidole gumba pembeni ya lengelenge moja, asukume taratibu kwa upande, mara moja tu. Ngozi ya juu iliteleza kama ganda la nyanya iliyochemshwa.

Kisha tukahesabu. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, vidole vikiwa vimebanwa pamoja, ni takribani asilimia 1 ya ngozi yake. Unahesabu pale palipobanduka na panapoteleza tu, si kila penye doa. Hili hukosewa mara kwa mara: mtu ananiandikia asilimia 60 kwa sababu madoa yako kila mahali, na anaweza kuwa na 5. Wa kwetu alikuwa na viganja sita.

Hatua ya 6: Historia, na hasa dawa

Muda, mahali ilipoanzia, ilivyosambaa, homa, nani mwingine nyumbani anawashwa usiku, kazi anayofanya, ujauzito, hali ya VVU: haya andika kwa mistari michache. Kazi usiiruke. Anayeanika dagaa juani toka asubuhi, mvuvi anayeshinda majini na mkulima wa mpunga wana ngozi tatu tofauti.

Kwenye dawa kaa. Ukiuliza "unatumia dawa gani?" utaambiwa hakuna. Hapa kwetu wengi hawaihesabu kotrimoksazoli, ile wanayoiita Septrini, kuwa ni dawa, kwa sababu wanapewa kila mwezi. Hawahesabu mitishamba, wala vidonge vya duka la dawa vilivyofungwa kwenye karatasi. Mwambie ndugu alete mfuko wote wa dawa ulioko nyumbani, umwage mezani, upige picha moja ya kila kitu. Halafu kwa kila kimoja uliza siku aliyoanza. Usiandike "hivi karibuni", andika tarehe. Kadi ya kliniki inayo.

Tarehe ndiyo inayokamata mhalifu. Madhara makali ya ngozi kama ugonjwa wa Stevens-Johnson, ule unaobandua ngozi, kwa kawaida huanza kati ya siku 4 na 28 tangu dawa kuanza kutumika. Dawa aliyoimeza miaka mitatu bila shida haishukiwi sana. Dawa aliyopewa baada ya madoa kutokea haiwezi kuwa ndiyo iliyoyaleta, lakini nisipojua mpangilio nitaishuku bure. Wanaojulikana zaidi ni kotrimoksazoli na dawa nyingine za jamii ya salfa, ikiwemo SP ya malaria, nevirapini, dawa za kifafa kama karbamazepini, fenitoini na fenobarbitali, na alopurinoli ya gauti.

Mfuko wa mgonjwa wetu ulikuwa na vidonge vya kufubaza VVU na kotrimoksazoli, vyote vimeanza siku 13 kabla ya madoa. Parasetamoli ilinunuliwa dukani homa ilipoanza. Amoksilini na setirizini zilitoka zahanati siku ya tatu. Kwa hiyo amoksilini, ambayo tabibu alikuwa anaiogopa, ilikuwa nje ya kesi. Kotrimoksazoli ndiyo iliyokaa katikati ya zile siku.

Upande wa kupaka, usiulize "dawa gani unapaka". Uliza "mafuta gani unapaka". Hapo mkorogo utatoka, na krimu za mchanganyiko za dukani zenye betamethasoni au klobetasoli ndani. Choa kikipakwa krimu hizo wiki tatu hupoteza ule ukingo wake wa duara, kinatulia kuwasha, kinaenea, na kwenye picha hakifanani na choa tena. Piga picha ya boksi upande wa viambato. Usimkaripie, akikaripiwa mara moja hatasema tena.

Hatua ya 7: Ujumbe

Tabibu alipomaliza, ujumbe wake wa pili ulikuwa huu, na nimeuhifadhi kama mfano kwa ruhusa yake:

"Faili 417, KE, miaka 31, mchuuzi wa dagaa, si mjamzito (kipimo leo). Madoa siku 3, yalianza kifuani, sasa mgongo, mikono, uso. Yanauma, hayawashi. Homa 38.9, mapigo 112, anakunywa kwa shida. Macho mekundu yenye utando, mdomo umechubuka, sehemu za siri vidonda 2. Ngozi inateleza, viganja 6. VVU, ameanza dawa za kufubaza na kotrimoksazoli siku 13 kabla ya madoa. Amoksilini na setirizini nimempa leo, baada ya madoa. Swali: nimsafirishe usiku huu au asubuhi? Upepo ni mkali."

Mstari wa mwisho ndio ninaoupenda. Aliuliza swali ambalo nilikuwa na uwezo wa kulijibu, na akaweka hali ya ziwa, ambayo mimi nikiwa Mwanza siioni. "Naomba ushauri" hainiambii unataka nini.

Hatua ya 8: Jinsi ninavyopanga

Ninazo kapu tatu. Ya leo ni wagonjwa kama huyu. Ya wiki hii hadi mbili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu wagonjwa wake hawaonekani kuumwa. Mfano wake ni mtu mwenye ualbino aliye na kidonda sikioni au kwenye mdomo wa chini, kimekaa zaidi ya mwezi, kinatoka damu kikiguswa, kinafunga ukoko na kufunguka. Huyo hutibiwa kama kidonda cha kawaida, anabadilishiwa antibayotiki mara tatu, na kumbe ni saratani. Kwake nataka picha kabla na baada ya kulainisha ukoko kwa maji, picha ya pembeni, kipimo kwa milimita, neno lako kama kitako cha kidonda ni kigumu, na tezi za shingo kama zimevimba. Picha haiwezi kuthibitisha saratani, kipande cha nyama kinahitajika. Inachoweza ni kumpa nafasi kwenye orodha ya upasuaji kabla hajafika. Baka lenye ganzi liko kwenye kapu hilo pia.

Kapu la tatu ni choa, pumu ya ngozi, upele wa vijidudu, chunusi. Hao nakujibu utibu hapo, na tunapanga siku ya picha nyingine. Kwa upele wa vijidudu nitakuuliza umewatibu wote wanaolala nyumba ile kwa siku moja, hata wasiowashwa. Kama hapana, usinitumie picha ya "dawa imekataa".

Picha mbovu naiweka kapu moja juu zaidi ya ninavyodhani. Nikisita kati ya wiki hii na leo, ni leo. Gharama yake anailipa mgonjwa kwa nauli, ndiyo maana nasumbua watu kuhusu mwanga.

Hatua ya 9: Wakati mnasubiri boti

Upepo ulikuwa mkali kweli, mtumbwi wa injini kwenda Nansio, makao makuu ya wilaya, usingeweza kutoka kabla ya alfajiri. Kotrimoksazoli ilisimama usiku ule ule. Kuhusu dawa za kufubaza nilimpigia daktari wa kliniki ya VVU kabla ya dozi ya kesho yake, tukakubaliana zisimame hadi afike. Tabibu alimfunika kwa shuka safi, akahakikisha hapati baridi, akaweka vaselini na gozi palipochubuka, macho akayasafisha kwa salaini kila saa mbili. Plasta nilimkataza, maana ukiibandua inaondoka na ngozi. Dripu ikafungwa kwa bandeji, ikiwekwa pale ambapo ngozi bado ni nzima.

Nilimwomba pia kitu kimoja cha picha: sehemu tatu, kifua, mgongo na paja, zirudiwe kila baada ya saa sita kwa umbali ule ule na rula ile ile, na viganja vihesabiwe upya. Alizizungushia kwa kalamu kwenye mchoro wa mwili ili anayempokea zamu asipotee. Saa moja na nusu asubuhi viganja vilikuwa tisa. Chini ya asilimia 10 ni Stevens-Johnson, zaidi ya 30 ni ule mkubwa zaidi wa ngozi kubanduka, na katikati ni mchanganyiko wa hayo mawili. Alikuwa anaelekea mpakani ndani ya usiku mmoja. Nilibadilisha mpango: asiishie wilayani, aunganishe moja kwa moja na meli ya Mwanza, na daktari wa macho awe wodini anamsubiri, kwa sababu macho hayo yakiachwa wiki moja yanaweza kufanya makovu yasiyorudi.

Picha zile za saa sita sita alikuja nazo muuguzi aliyemsindikiza, zimepangwa kwa muda, pamoja na karatasi ya mfuko wa dawa. Wodini hakuna aliyelazimika kuanza kumuuliza upya mtu ambaye mdomo wake haufunguki. Ngozi ilisimama kubanduka siku ya tano, ikiwa viganja kumi na moja. Alipotoka, kwenye kadi yake ya kliniki tuliandika kwa wino mwekundu, juu kabisa, KOTRIMOKSAZOLI HAPANA, SP HAPANA, na picha ya kadi hiyo tukairudisha kwa tabibu kisiwani, aibandike kwenye faili 417.